Maumivu sugu ya mgongo: nani anakuambia uache?

Mgonjwa wa mgongo akiketi mbele yangu, swali la "panauma wapi" naliacha kwa baadaye. Ameshaulizwa na kila mtu, kuanzia duka la dawa hadi kwa shangazi yake. Mimi nataka kwanza kujua jambo jingine: anaposhona, anapofua au anapopalilia, ni kitu gani kinachomwambia aache?

Wengi hushangaa kidogo, kisha hutoa moja ya majibu mawili. Kuna anayesema, "Nikisikia panaanza kuvuta tu, naacha." Na kuna anayesema, "Siachi mpaka niimalize, halafu kesho yake siamki." Ukiwatazama juu juu utamwita mmoja mwoga na mwingine mkaidi. Miaka ya kufanya kazi ya fiziotherapia imenifanya niamini kwamba wanaumwa ugonjwa mmoja. Kabla ya kuanza kazi, hakuna kati yao aliyeamua ataishia wapi. Uamuzi huo wameuacha ufanywe katikati ya kazi, na maumivu au na hali ya moyo ya siku hiyo, na hao wote wawili ni wasimamizi wabaya.

Ninaongelea maumivu sugu, yaani yaliyodumu zaidi ya miezi mitatu, hasa ya kiuno, na kwa mtu ambaye tayari amechunguzwa. Mwenye maumivu ya mgongo pamoja na homa za jioni, kupungua uzito bila sababu, historia ya saratani au ya kifua kikuu, miguu inayozidi kukosa nguvu, ganzi ya makalio na sehemu za siri, au kushindwa kuzuia mkojo au haja, makala hii si yake. Aende hospitali, na dalili hizo mbili za mwisho hazisubiri hata kesho.

Nitumie mfano wa fundi cherehani mmoja wa Dar es Salaam. Nimemuunga kutokana na wagonjwa kadhaa ili asitambulike mtu, lakini kila kipande chake nimekiona. Ana miaka 46. Miezi kumi na minne iliyopita aliinama kunyanyua ndoo ya maji, kiuno kikashika, akashindwa kunyooka. Akachomwa sindano ya diklofenaki, akapewa vidonge, na akaambiwa maneno ambayo kila mmoja wetu ameyasikia: usiiname, usibebe kitu kizito, pumzika.

Hakuna aliyemwambia mpaka lini.

Ushauri wa kupumzika una historia ndefu, na umepimwa ukaonekana una kasoro. Mwaka 1995 lilichapishwa jaribio lililofanyika Helsinki kwa wafanyakazi 186 wa jiji hilo waliokuwa wamepatwa na maumivu ya ghafla ya kiuno. Baadhi walilazwa kitandani siku mbili, baadhi wakapewa mazoezi ya mgongo, na waliobaki wakaambiwa waendelee na shughuli zao za kawaida kwa kadiri wanavyoweza. Waliopona vizuri zaidi ni wale wa shughuli za kawaida, na waliochelewa kuliko wote ni wa kitandani. Siku mbili tu za kitanda! Fundi wetu alipewa katazo lisilo na tarehe ya mwisho, na watoto wake, kwa mapenzi yao yote, wakalisimamia. Binti akachukua ndoo, mwanawe akachukua ufagio, na kila alipojaribu kuinama chumba kizima kilimkemea: "Mama, mgongo!"

Baadaye watoto wakachanga hela ya kipimo cha MRI. Ripoti ikasema diski iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno imetokeza, na nyingine zimeanza kuchakaa. Alipofika kwangu, ripoti hiyo ilikuwa imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya bima, na sentensi yake ya kwanza baada ya kuitikia shikamoo ilikuwa hii: "Pingili zangu zimesagika, mwanangu. Nikiinama vibaya napooza."

Ripoti haikuandika hivyo. Na hata ilichoandika kinahitaji kuwekwa mahali pake. Mwaka 2015 yalichapishwa mapitio yaliyokusanya picha za uti wa mgongo za watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu yoyote. Dalili za diski kuchakaa zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20, na zikapanda hadi asilimia 96 kwa wenye miaka 80. Diski iliyobonyea kwenda nje ilikutwa kwa asilimia 30 ya wale vijana. Kwa umri wa fundi wetu, mgongo usio na hitilafu yoyote kwenye picha ndio ungekuwa jambo la kushangaza. Wanaosoma picha hizi wanalijua hilo. Mgonjwa anayekabidhiwa karatasi bila maelezo halijui, naye huenda nyumbani na neno "kuchakaa" likimzunguka kichwani.

Hapo ndipo mzunguko unapoanza. Mwaka 2000 wanasaikolojia Johan Vlaeyen na Steven Linton walichapisha uchambuzi wa jambo hili ambao hadi leo unaongoza utafiti wa maumivu sugu. Kwa maelezo yao, mtu akiumia, njia hugawanyika kutokana na tafsiri anayoyapa maumivu. Akiyaona kuwa jambo baya lakini la kupita, atarudi taratibu kwenye kazi zake, na wengi hupona. Akiyaona kuwa kengele ya uharibifu, ataogopa, na mwenye hofu hukwepa. Kukwepa kuna hila ndani yake, kwa sababu siku hiyohiyo kunalipa: hakuinama, hakupooza. Akili inajifunza kwamba kutoinama ndiko kulikomwokoa. Haipati kamwe nafasi ya kugundua kwamba angeinama asingepooza.

Wakati huo mwili nao unabadilika. Mtu mwenye mgongo mzima akiinama mpaka mwisho, misuli mirefu ya kiuno hulegea na kunyamaza, na uzito hubebwa na kano. Kwa wengi wenye maumivu sugu misuli hiyo hainyamazi. Inabaki imekaza kana kwamba inalinda kitu. Fundi wetu akiokota sindano hukunja magoti, hushika meza kwa mkono mmoja, hubana pumzi na hushuka mgongo ukiwa umenyooka kama ubao. Jaribu kuishi hivyo kwa mwezi uone kama kiuno hakitakuuma, hata kama hukuwa na tatizo. Misuli inachoka kwa ulinzi, uchovu unaleta maumivu, na maumivu yanathibitisha hofu.

"Kwa hiyo unasema naumwa kichwani?" Huuliza wengi wakifika hapa, na wana haki ya kukasirika. Hapana. Maumivu yake ni ya kweli kama ya mtu mwenye mfupa uliovunjika. Kilichobadilika ni kwamba mishipa ya fahamu na ubongo vimezoea kutoa tahadhari mapema mno, kwa mambo yasiyodhuru, na hofu ni moja ya vitu vinavyoifanya tahadhari hiyo iendelee kuwa juu.

Hadi hapa ni habari ya mkwepaji. Lakini fundi huyohuyo alikuwa na siku nyingine. Wiki ya mwisho kabla ya Idd, sare za harusi zikiwa zimerundikana na mgongo umetulia kidogo, alikaa kwenye cherehani saa tano mfululizo. "Nilisema leo Mungu amenipa nafuu, nimalize." Siku tatu zilizofuata alilala. Alichokumbuka kutokana na tukio hilo ni kwamba kazi ni hatari, hivyo akakwepa zaidi, mpaka nafuu nyingine ikaja naye akalipiza tena. Ukichora shughuli zake za mwezi kwenye karatasi utaona milima mirefu na mashimo, na kila mlima unaofuata ni mfupi kidogo kuliko uliotangulia.

Kwa nini mtu anayeogopa kuinama anaweza kushona saa tano? Jibu ninalolipenda limetokana na jaribio la mwaka 1993 ambalo halikuhusu maumivu hata kidogo. Leonard Martin na wenzake waliwatia watu furaha au huzuni, kisha wakawapa kazi isiyo na mwisho maalumu. Wengine waliambiwa waache watakapoona hawaifurahii tena, wengine waliambiwa waache watakaporidhika kwamba wamefanya vya kutosha. Kwa kanuni ya kwanza, wenye huzuni waliacha mapema. Kwa kanuni ya pili, wenye huzuni walikuwa ndio wanaoendelea zaidi. Huzuni ileile ilimsimamisha mmoja na kumsukuma mwingine, kwa sababu kila mmoja aliisoma kama jibu la swali tofauti. Ukijiuliza "bado najisikia?" moyo mzito unajibu hapana. Ukijiuliza "nimefanya vya kutosha?" moyo mzito unajibu hapana vilevile, nawe unaendelea. Mwaka 2004 Vlaeyen na Stephen Morley walilileta wazo hili kwenye maumivu sugu, na kwa maoni yangu halijapata nafasi linayostahili katika kliniki zetu. Sisi huwa tunamwona mwenye sonona kuwa mtu anayelala tu. Yule mama anayefua mashuka ya nyumba nzima huku akilia maumivu, kwa sababu anajiona mzigo kwa wanawe, hatumhesabu.

Kwa hiyo hali ya moyo haikuzi maumivu tu, inashika pia usukani wa shughuli. Na mzunguko unaichosha zaidi. Fundi wetu alikuwa ameacha kwenda kwenye kikoba chake, mchango anautuma kwa simu, kwa sababu kukaa kwenye mkeka kunaumiza. Pale kikobani ndipo alipokuwa akicheka. Nilimuuliza maswali mawili ambayo hata zahanati inaweza kuuliza: katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo, na ni mara ngapi umejisikia huzuni au kukata tamaa. Mgonjwa akijibu karibu kila siku kwa lolote kati ya hayo, mpango wa mazoezi peke yake hautoshi. Anahitaji daktari apime sonona na kuitibu sambamba, na anahitaji kuulizwa waziwazi kama amewahi kufikiria kujidhuru. Fundi wetu alijibu "siku kadhaa". Tukaanza, na kikoba tukakiandika kwenye mpango kama dawa nyingine.

Mpango wenyewe unatokana na kazi ya Wilbert Fordyce, mwanasaikolojia wa Seattle, ambaye tangu miaka ya 1970 alikuwa akiwaambia wagonjwa wafanye kazi mpaka kiasi kilichopangwa badala ya kufanya mpaka maumivu yaseme. Tulianza kwa kupima. Siku tatu alishona kama kawaida yake na kuandika dakika alizokaa kabla ya kulazimika kuinuka: 25, 12 na 20. Wastani ni 19. Tukapunguza sehemu moja ya tano, tukapata 15. Kuanza chini ya uwezo ni makusudi, ili awamu ya kwanza iweze kutimia hata siku mbaya. Anashona dakika 15, simu aliyoitega inalia, anainuka dakika tano kupiga pasi au kukata nyuzi, anarudi. Awamu sita kwa siku, sawa na saa moja na nusu ya kushona. Kila wiki tunaongeza dakika mbili kwa awamu.

Watu husikia hivi wakadhani ugumu ni siku mbaya. Mimi naona ugumu uko siku nzuri. Simu inalia, kiuno kimetulia, kola imebaki nusu, na mpango unasema inuka. Fundi wetu alinuna. "Sasa nainuka kwa nini na siumwi?" Ndiyo sababu hasa ya kuinuka. Akiinuka kwa sababu saa imefika, kupumzika kunaacha kuwa zawadi ya maumivu. Akisubiri maumivu ndipo ainuke, kila pumziko linaufundisha mwili kwamba kuumwa ndiko kunakoleta nafuu.

Hapa kuna mkanganyiko unaowapoteza hata wataalamu. Kupangilia shughuli kunafundishwa kwa namna mbili zinazopingana. Namna moja inasema gawanya kazi ili usiumwe. Nyingine inasema gawanya kazi ili ufike mbali zaidi. Ya kwanza ni kukwepa kulikovaa koti jeupe: mgonjwa hupunguza dakika kila anapohisi mvuto, na baada ya miezi mitatu anashona dakika nane. Kujua ipi inafanyika ni rahisi, fungua daftari lake. Kama dakika zinapanda na kushuka kufuata alama za maumivu, maumivu bado ndiyo yanayosimamia. Kama maumivu yanapanda na kushuka huku dakika zikienda kwa hatua zake, mpango unafanya kazi. Yakizidi kweli, tunarudi hatua moja kwa siku mbili na kuendelea. Kitandani haturudi. Niongeze tahadhari: mwenye ugonjwa wa uchovu sugu, ambaye hali yake yote huanguka siku moja au mbili baada ya kujituma kidogo, asiongezewe dakika kwa ratiba namna hii. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2021 uliiondoa njia hiyo kwa wagonjwa hao.

Dakika za kushona hazikugusa hofu ya kuinama, na hofu haiondoki kwa kuelezwa. Nilikuwa nimeshamchambulia ile ripoti, akaitikia kwa kichwa kwa adabu, na hakuamini neno. Tukaandika orodha ya matendo anayoyaogopa na kuyapa alama kati ya 0 na 100. Kuokota kitambaa chini kilipata 40, kufagia kwa ufagio mfupi 55, kunyanyua ndoo ya lita 10 ikapata 75, na ndoo ya lita 20 ikapata 90. Nikadondosha kipande cha khanga sakafuni.

"Mama, ukikiokota bila kushika meza, unadhani kitatokea nini?"

"Kitakatika."

"Nini kitakatika?"

"Kitu humo ndani. Nitashindwa kunyanyuka."

"Una uhakika kiasi gani?"

"Themanini kwa mia."

Akainama, akaokota, akanyanyuka. Maumivu yalipanda kutoka sita hadi saba kati ya kumi, kisha yakashuka. Nikamuuliza kama ameshindwa kunyanyuka. "Sijashindwa," akasema, "lakini si nilibana pumzi?" Jibu hilo ndilo lenye thamani kubwa kuliko tendo lenyewe. Maana yake ni kwamba alikuwa ameshampata wa kumshukuru: pumzi iliyobanwa ndiyo iliyomwokoa, kama meza ilivyokuwa ikimwokoa jana na mkanda wa kiuno juzi. Akarudia akiwa anahesabu kwa sauti, maana anayehesabu hawezi kubana pumzi. Kisha akarudia kwa mgongo uliokunjika kawaida. Kila mara tulilinganisha alichotabiri na kilichotokea. Hatukuwa tukithibitisha kwamba kuinama hakuumi, kwa sababu kuliuma. Tulikuwa tukithibitisha kwamba hakukati kitu.

Nyumbani kazi ilikuwa kwa watoto. Kumwambia binti aache kumpokonya mama yake ndoo kunasikika kama kumfundisha utovu wa adabu, kwa hiyo tulimpa kitu cha kufanya badala ya kumkataza tu. Jioni asiulize "mgongo unaendeleaje?" Aulize "leo umefikia awamu ya ngapi?" na atazame daftari.

Wiki ya 12 alikuwa kwenye dakika 33 kwa awamu, maana wiki mbili hatukuongeza kitu, moja kwa homa na nyingine kwa msiba. Hiyo ni zaidi ya saa tatu za kushona kwa siku, kila siku, bila zile siku za kulala. Ndoo ya lita 10 anaibeba. Kikobani anakwenda, anakaa kwenye kiti. Na maumivu? Yalikuwa sita, sasa ni tano. Nayataja kwa sababu wauzaji wa tiba za mgongo hutangaza namba ya maumivu peke yake, na kwa kipimo hicho mpango huu umeshindwa. Utafiti nao hauruhusu majigambo. Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, kuhusu tiba ya kisaikolojia ya mawazo na tabia kwa maumivu sugu, yaliyojumuisha majaribio 75, yaliona nafuu ndogo katika maumivu, uwezo wa kufanya kazi na msongo. Jaribio la Australia la mwaka 2023, lenye watu 492 wa maumivu ya kiuno na tiba inayochanganya harakati, tafsiri ya maumivu na kuikabili hofu, lilipata nafuu kubwa zaidi, hasa katika uwezo wa kufanya shughuli, na ilidumu mwaka mzima. Lakini hiyo ni tiba ya vikao virefu na mtaalamu aliyefunzwa. Mgonjwa wetu wa kawaida anapata dakika kumi na foleni inamsukuma mgongoni.

Kuna kikwazo kingine kisichotatuliwa na mtaalamu yeyote. Fundi wetu anamiliki cherehani yake. Anaweza kuinuka simu inapolia, na mteja akisubiri anasubiri. Msichana anayeshona kwenye mstari wa kiwanda cha nguo analipwa kwa lengo la saa, na kiti chake hakiruhusiwi kubaki wazi. Kumwambia apangilie shughuli zake bila kuzungumza na msimamizi wake ni kumpa kazi isiyowezekana na kisha kumlaumu kwa kutokuifanya. Kwa mtu huyo cheti kinachosema "apewe kazi nyepesi" hakisaidii, kwa sababu kiwandani hakuna anayejua kazi nyepesi ni ipi, na mara nyingi mwisho wake ni kuondolewa kwenye mstari na kupunguziwa malipo. Huwa naandika dakika: ashone dakika 20, asimame dakika 3 kwenye meza ya kukagua, kuanzia tarehe fulani, na kila baada ya wiki mbili ziongezwe dakika 4 za kushona mpaka arudi kwenye zamu kamili. Msimamizi akipewa namba na tarehe ya mwisho ana kitu cha kukubali au kukataa, na baadhi hukubali.